Daftari la mvua la mkulima: nafasi tupu si sifuri

Anayeingiza daftari la zamani la mvua kwenye kompyuta hukwama mapema kwenye siku zisizoandikwa kitu. Je, mvua haikunyesha, au hakuna aliyekwenda kusoma kipimo? Ukijaza sifuri kila mahali, utaunda ukame ambao haukuwapo.

Kabla ya kusahihisha chochote, piga picha kila ukurasa, kisha nakili yaliyoandikwa kama yalivyo. Siku moja ichukue mstari mmoja, na thamani uliyoikokotoa ikae safu yake, mbali na ile ghafi. Tuchukue mfano wa shamba ambalo mwaka 1974 bado lilipima kwa inchi:

```
tarehe,ghafi,mvua_mm,alama
1974-04-13,0.47,11.9,sawa
1974-04-14,,,tupu
1974-04-15,1.50,38.1,jumla2
```

Inchi moja ni milimita 25.4. Aprili 14 mwaka huo ilikuwa Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo yaelekea maji ya Jumatatu ni ya siku mbili. Usiyagawe nusu kwa nusu. Yaache yalivyo pamoja na alama yake: jumla ya mwezi itabaki sahihi, ila siku hiyo isihesabiwe unapotafuta mvua kubwa ya siku moja.

Utajuaje kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya shamba hilo? Hesabu siku zenye mvua kwa kila siku ya wiki, kwa miaka yote. Mvua haijui Jumapili. Jumapili zikiwa na mvua chache mno na Jumatatu zikizidi siku nyingine, basi kipimo hakikusomwa Jumapili, na nafasi hizo si sifuri. Jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa nayo husaidia. Ikipishana na yako, kwanza tafuta nukta iliyofifia: 0.47 husomeka 47 kwa urahisi.

Halijoto ina mtego wake. Themometa za kiwango cha juu na cha chini zikisomwa asubuhi, cha chini kwa kawaida ni cha alfajiri hiyo, lakini cha juu ni cha mchana wa jana. Kisogeze nyuma siku moja, la sivyo utaoanisha mchana wa Jumatatu na alfajiri ya Jumanne. Hakikisha kwanza saa ya kusoma, maana "saa 3" daftarini yaweza kuwa saa tatu asubuhi au, kwa aliyezoea saa za Kizungu, saa tisa alasiri. Kama ni alasiri, usisogeze kitu.

Nyuzi za Farenhaiti punguza 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kisha tafuta siku ambazo kiwango cha chini kimezidi cha juu. Mara nyingi safu mbili zimebadilishana, lakini rudi kwenye picha ya ukurasa kabla ya kuzigeuza.