Zimeni hizo taa, tafadhali

Kamera haijatoka hata kwenye mfuko, komisionere wa nyumba ameshapita ukutani akibonyeza swichi zote. Ni saa sita mchana, mwezi wa Julai, jua la Lubumbashi limejaa uani, na mirija ya LED inawaka dari nzima. "Patron, sasa chumba kiko na mwanga." Karibu kila biro ya pamoja ninayoitiwa kupiga picha za kijitabu cha wapangaji inaanza hivyo. Kueleza kwa mdomo kumenichosha, kwa hiyo nimeandika hapa, na safari ijayo nitatuma kiungo.

Taa zikiwashwa mchana, chumba kinapata mwanga wa aina mbili, na picha inakuwa na rangi mbili zinazogombana. Jicho halioni ugomvi huo kwa sababu ubongo unasawazisha. Kamera haisawazishi. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvini, na jua la mchana liko karibu na Kelvini 5,500. Ampule inayouzwa kama "nyeupe" mara nyingi imeandikwa 6,500, ile ya manjano 3,000 au chini yake. Ukiipangia kamera rangi ya dirisha, dari inageuka samawati au chungwa. Ukiipangia rangi ya ampule, dirisha ndilo linaloharibika. WB, yaani mpango huo wa rangi kwenye kamera, ni moja kwa picha nzima, haijui kuwa kushoto kuna jua na juu kuna mrija.

Hiyo bado ni nusu ya shida. LED za bei rahisi zina ukijani ambao namba ya Kelvini haiugusi kabisa. Utauona kwanza usoni. Mtu amekaa ubavuni mwa dirisha: shavu la upande wa jua lina rangi yake halisi, ya hudhurungi yenye joto. Paji la uso, ambalo linapokea mrija wa juu, lina bato la kung'aa la kijani-kijivu, kama mtu aliyelala na homa. Ngozi nyeusi inang'aa vizuri sana kwenye mwanga wa dirisha, na kwa sababu hiyohiyo inaonyesha waziwazi kila taa mbaya iliyo juu yake. Kwenye kompyuta unaweza kuusafisha ukijani uso mmoja mmoja, lakini fanya hesabu: watu watano, picha kumi na mbili. Kuzima swichi ni sekunde moja.

Na kama kamera inatumia shata ya elektroniki, ampule nyingi zinacheza mara 100 kwa sekunde kwa sababu kuran yetu ni ya hezi 50. Picha inatoka na mistari ya giza iliyolala. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Sasa jua lenyewe. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa kaskazini mwa dunia, na vinasema madirisha ya kusini ndiyo yanayopata jua. Hapa Lubumbashi tuko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua linakuwa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka. Linapita kusini kwetu tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari tu, tena wakati huo liko juu mno kiasi kwamba paa likichomoza sentimita 60 linalizuia karibu lote. Kwa hiyo chumba chenye madirisha ya kaskazini kina tabia mbili: Desemba hakipati jua moja kwa moja adhuhuri, Julai kinapata.

Tuchukue chumba cha namna hiyo. Urefu mita 12, upana mita 7, madirisha yote kaskazini, juu ya dirisha mita 2.4 kutoka sakafuni, paa limechomoza sentimita 60, ua wa udongo mwekundu nje. Tunapiga katikati ya Julai.

Komisionere atataka tuje saa mbili asubuhi, kwa sababu kila mtu amesikia kwamba mwanga wa asubuhi ni mzuri. Ni mzuri kwa kupiga nyumba kwa nje. Ndani ya chumba hiki, saa mbili hiyo jua liko nyuzi 19 hivi juu ya upeo, linatoka kaskazini-mashariki, na linaweza kuingia hadi mita tatu ndani kwa mshazari. Maana yake linapiga meza, karatasi na nusu za nyuso. Karatasi inaungua ikawa nyeupe tupu, kioo cha kompyuta hakisomeki, na mtu anakunja macho. Kati ya saa tano asubuhi na saa saba na nusu mchana jua limepanda juu ya nyuzi 50 na linagusa sakafu kama mita moja na kitu tu kutoka ukutani. Sogeza meza za mbele zikae mita 1.5 kutoka dirishani, na hakuna jua litakalomfikia mtu. Kinachobaki ni mwanga mlaini wa anga, unaoingia kwa ubavu na kufika ndani. Ndiyo, nasema mchana kweupe. Watu wanashangaa kila mara.

Angalia dari sasa. Kama ni ya chungwa, si rangi ya fundi: ni udongo wa uani. Jua linapiga ardhi nyekundu, linaruka juu, linaingia dirishani na kupaka dari. Nyasi zinafanya hivyohivyo kwa kijani. Tandika mashuka mawili meupe ardhini nje ya dirisha, mahali kamera haioni. Dari inarudi kuwa nyeupe, na chumba kinaongezeka mwanga bila ampule hata moja. Mpigie komisionere picha kabla na baada ya mashuka, atanyamaza.

Kamera iwe juu ya trepie, kimo cha mita 1.2, imelala sawa kabisa ili kuta zisianguke. Lenzi ya milimita 24 kwa kamera ya fremu kamili inatosha. Ukienda 16 ili chumba kionekane uwanja wa Kibasa, mtu aliye pembeni anapata kichwa kipana kama beseni, na mpangaji akija kutembelea anakuta chumba kimepungua.

Dirisha na watu vinahitaji picha mbili tofauti. Katika chumba hiki, ndani inaweza kutaka tundu la lenzi la f/5.6, ISO 800, na kasi ya 1/60 ya sekunde. Ua wenye jua uko mbali sana juu ya hapo, kwa hiyo kwenye picha hiyo dirisha ni shuka nyeupe. Bila kugusa trepie wala f/5.6, piga nyingine kwa ISO 100 na 1/500. Hiyo inatoka na mwangaza pungufu mara 64 hivi, na sasa miti ya nje inaonekana. Baadaye unachukua dirisha tu kutoka picha ya pili na kuliweka juu ya ile ya kwanza. Usiliweke lote kwa nguvu kamili. Nje ikionekana na giza sawa na ndani, msomaji anahisi bango limebandikwa ukutani. Nje lazima ibaki nyeupe kidogo kuliko ndani. Kiasi gani? Hapo sina kanuni. Naongeza, napunguza, naondoka mezani, narudi, na mara nyingi nabadilisha tena. Anayekwambia kuna namba, mwambie akuonyeshe.

Kwa nini picha mbili na si tano zilizounganishwa na programu, kama wengi wanavyofanya? Kwa sababu ya watu. Programu ikiunganisha picha tano, mkono uliosogea unatoka na vidole kumi, na kichwa kinapata kivuli chake. Watu wote watoke kwenye picha moja. Kwa 1/60 anayechapa anaweza kuwa na vidole vyenye ukungu kidogo, na hilo ni jema, linaonyesha kazi inaendelea. Kichwa ndicho kisicheze.

Watu wenyewe: wanne au watano kwa meza kumi na mbili. Meza zikijaa mpangaji anajiuliza yeye atakaa wapi. Usiwaambie "mfanye kama mnafanya kazi". Mtu akiambiwa hivyo anatazama kioo kilichozimwa na kutabasamu, na hakuna anayetabasamia hesabu za mwezi. Waambie waje na kazi yao, wafungue, waache dakika kumi zipite. Watakunja nyuso, watajikuna, mmoja ataegemea. Hapo ndipo unabonyeza. Wawili wanaozungumza wawe na karatasi au kioo kimoja kati yao, la sivyo mikono yao haijui iende wapi. Funika nembo za mashirika kwenye mashati, na kila mmoja atie saini karatasi inayosema uso wake utatumika kwenye tangazo la kupangisha, kabla ya kupigwa, siyo baada.

Mimea nitaisema haraka. Kiangazi majani yana vumbi jekundu, yafute kwa kitambaa chenye maji moja moja, kwa sababu jani lenye vumbi halirudishi mwanga, linaonekana la plastiki hata kama ni hai. Fikasi uiweke karibu na dirisha. Ukiipeleka kwenye kona iliyo mita sita ndani, kila anayefuga mimea anajua uliibeba asubuhi hiyo. Kona ya giza mpe sanseveria, huyo anavumilia kweli. Na kama mimea imekodiwa kwa siku moja, isiwe mingi kuliko ile mpangaji atakayoikuta.

Nirudi kwa komisionere, kwa sababu ana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja. Anasema: "Taa zikizimika kwenye picha, mtu wa hapa anafikiri kuran imekatika." Huko Ulaya ampule iliyozimwa ni ampule iliyozimwa tu. Hapa mpangaji anauliza kuhusu kuran kabla ya bei. Jibu langu la kawaida ni kwamba mrija wa dari hauthibitishi chochote, hata jenereta ya jirani inaweza kuuwasha. Piga picha ndogo ya pembeni ya betri na inveta, iweke kwenye ukurasa wa huduma. Ndani ya chumba, vioo vya kompyuta viwake na ralonje zionekane zimechomekwa vizuri. Lakini nakiri kuna wapangaji wanaofungua kurasa mbili tu, na kwa hao sijui kama jibu langu linafika.

Ndipo nakubali mapatano. Kama kuna taa za kuning'inia juu ya meza ya mikutano, ampule zote za aina moja, za manjano, hizo ziwake, mradi dirisha libaki na nguvu kuliko zenyewe. Rangi yake ya joto inasomeka kama pambo, haipaki chumba kizima. Jaribio ni rahisi: piga moja zikiwa zimewaka, nyingine zimezimwa, kisha kuza uone paji la uso la mtu aliye karibu nazo. Likiwa la chungwa, mtu huyo asogee nusu mita kuelekea dirishani. Mirija ya dari inabaki imezimwa, na swichi yake naifunika kwa kipande cha skochi.