Kwa nini SSH huikataa seva uliyoizoea?

*"Jana niliingia kwenye seva yangu bila shida. Leo SSH inasema 'Host key verification failed'. Nimekosea nini, na je, nikilifuta faili zima la known_hosts si yataisha?"*

Hujakosea kitu. Neno lako la siri halina kasoro na ufunguo wako binafsi haujaguswa, kwa sababu mazungumzo yalikatika kabla seva haijakuuliza wewe ni nani. Iliyoshindwa kujitambulisha ni seva. Ukilifuta faili zima, ujumbe utaondoka kweli, lakini utakuwa umepoteza kumbukumbu ya seva nyingine zote unazozifahamu, na swali lenyewe, yaani nani amepokea muunganisho wako leo, litabaki bila jibu.

Mimi nililielewa jambo hili kinyume kwa muda mrefu. Mara ya kwanza nilipokutana na ujumbe huo nilidhani ufunguo wangu umeharibika, nikatengeneza mwingine, nikaupeleka kwenye seva kwa njia nyingine, na hitilafu ikabaki palepale. Baadaye nikajifunza kuufuta mstari wa zamani na kuuchukua ufunguo mpya wa seva kwa amri ya `ssh-keyscan`, nikiamini kwamba kwa kufanya hivyo nimehakiki. Kosa hili la pili ndilo zito zaidi, na bado naliona katika maelekezo mengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Fikiria umefika nyumbani kwa rafiki usiku, umeme umekatika, ukapiga hodi. Humwoni aliye ndani, ila sauti yake unaijua, na akiitikia "karibu" unaingia bila wasiwasi. Anwani ya seva ni mlango, na ufunguo wa seva ni sauti. SSH inapounganishwa mara ya kwanza huiandika sauti hiyo katika `~/.ssh/known_hosts`, kisha kila unaporudi huilinganisha. Kuiga hakuwezekani kwa sababu seva haionyeshi tu ufunguo wake wa wazi, ambao yeyote anaweza kuunakili. Hutia pia sahihi juu ya mazungumzo hayohayo kwa ufunguo wake wa siri, na sahihi ya jana haifai kwa mazungumzo ya leo.

Sasa mlango ni uleule, lakini sauti imebadilika. Ukimuuliza aliye ndani, "Wewe ndiye mwenye nyumba?", atajibu kuwa ndiye, awe mwenyeji au mgeni mwenye nia mbaya. `ssh-keyscan` hufanya hivyohivyo: hupita njia ileile, humuuliza yuleyule, na huandika anachosema. Ni amri nzuri ya kukusanya funguo, lakini haihakiki chochote. Uhakiki hupatikana pale tu unapouliza kwa njia nyingine, mfano wa kumpigia simu rafiki yako ukiwa bado umesimama barazani.

Tuchukue seva moja, `seva.example.com`, ambayo mfumo wake umewekwa upya usiku. Kwenye skrini, mistari yenye maana kwetu ni hii:

```
WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!
Offending ED25519 key in /home/amina/.ssh/known_hosts:7
Host key verification failed.
```

Namba 7 ni mstari wa faili ulio na ufunguo wa zamani. Ujumbe huo pia huonyesha alama ya kidole ya ufunguo uliotumwa sasa, inayoanza na `SHA256:` na kufuatwa na herufi na alama 43. Inakili alama hiyo. Kisha ingia kwenye konsoli ya seva kupitia tovuti ya kampuni inayokukodishia, au keti mbele ya mashine yenyewe, na uandike:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Kama huna njia ya kufika huko, mpigie msimamizi simu akusomee. Alama mbili zikilingana, herufi kwa herufi na si mwanzo na mwisho tu, aliyekujibu ni seva yako. Zisipolingana, usiendelee, bali jaribu kuunganisha kupitia mtandao mwingine, kwa mfano data ya simu badala ya waifai ya hoteli. Ikiwa alama ya kidole hubadilika kulingana na mtandao unaotumia, kuna jambo katikati ya njia. Ikiwa ni ileile kila mahali, huenda anwani ya IP imepewa mashine nyingine, jambo la kawaida kwenye seva za kukodi, ingawa hilo peke yake halithibitishi usalama.

Baada ya kulinganisha, kurekebisha ni kazi ya sekunde chache:

```
ssh-keygen -R seva.example.com
ssh seva.example.com
```

Amri ya kwanza huondoa mistari ya seva hiyo tu na huacha nakala ya faili la awali kwa jina `known_hosts.old`. Hufanya kazi hata pale majina ya seva yalipofichwa kwa mfuatano unaoanza na `|1|`, ambayo huwezi kuyatafuta kwa macho. Kama seva hutumia port isiyo 22, jina huandikwa `'[seva.example.com]:2222'`, na kama umewahi kuingia kwa anwani ya IP, nayo iondoe kivyake. SSH itakapouliza kama uendelee, usijibu `yes`. Bandika ile alama ya kidole uliyoipata kwenye konsoli. Tangu OpenSSH 8.0 ya mwaka 2019, programu hulinganisha yenyewe na hukubali tu zikifanana, jambo ambalo macho yaliyochoka hayawezi kuahidi.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha GitHub. Tarehe 24 Machi 2023, yapata saa 2 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, walibadilisha ufunguo wao wa RSA kwa sababu ule wa siri ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika hazina ya wazi. Watumiaji wengi walikutana na onyo hilo, nalo safari hii lilitokana na hatua ya kuwalinda. Hatari ilikuwa katika kuubakiza mstari wa zamani, kwa kuwa yeyote aliyeunakili ufunguo uliovuja angeweza kujifanya GitHub bila onyo lolote kutokea. Alama mpya ya kidole waliichapisha kwenye tovuti yao, ambayo ndiyo ile njia nyingine.

Wapo wanaoshauri kuzima ukaguzi kwa `StrictHostKeyChecking no`. OpenSSH hairuhusu hilo kwa ukamilifu: ufunguo ukiwa umebadilika, itaunganisha lakini itazuia kuingia kwa neno la siri, ili lisiangukie mikononi mwa aliye katikati. Anayeingia kwa ufunguo hana hatari hiyo, kwani sahihi yake haiwezi kupelekwa kwingine, lakini anaweza kupokelewa na seva ya bandia na kuandika humo neno lake la `sudo`.

Kama wewe ndiye unayeweka mfumo upya, nakili kwanza mafaili ya `/etc/ssh/ssh_host_*` mahali salama, uyarudishe baadaye yakiwa mali ya `root`, yale ya siri yakiwa na ruhusa ya 600, kisha uwashe upya huduma ya SSH. Seva itaitikia kwa sauti yake ya zamani, na watumiaji wako hawatakutana na onyo hilo.