Usiharakishe video ya mshono

Nashona pochi za ngozi kwa mkono. Video yangu ya kwanza kuhusu bei niliianza kwa kusoma ujumbe wa mteja aliyesema nauza ghali. Dakika tatu nzima nikawa namjibu. Kuitazama leo naona aibu: mikono inafanya kazi nzuri, mdomo unagombana na mtu asiyekuwepo.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Niliiharakisha picha ili watu wasichoke, mshono mzima ukaisha kwa sekunde kumi. Sasa nani angeamini kwamba kazi ni ndefu, wakati nimemwonyesha kwa macho yake kuwa ni fupi?

Siku hizi nachagua hatua moja tu, nayo ni kushona. Pochi yangu ina mshono wa sentimita 40, na matundu yake yameachana milimita 3, kwa hiyo ni matundu kama 133. Uzi ni mmoja uliopakwa nta, una sindano kila ncha, na kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili. Mimi hutumia sekunde 12 hivi kwa tundu, yaani karibu dakika 27 kwa mshono wote. Naweka kamera ubavuni, karibu na mikono, narekodi matundu manne bila kukata wala kuharakisha. Juu ya picha naandika tu: “Tundu la 4 kati ya 133.” Kisha nakata, picha inayofuata ni tundu la 133. Hesabu ya katikati mtazamaji anaifanya mwenyewe, na hesabu uliyoifanya mwenyewe hubishani nayo. Sauti ya uzi ukivutwa naiacha. Muziki unaifunika bure.

Baada ya hapo nachukua kipande cha majaribio, nakata uzi wa mshono mahali pamoja, upande mmoja, kwa wembe, halafu naivuta ngozi pande mbili. Mshono unabaki, kwa sababu upande wa pili wa uzi bado umepita kwenye matundu yaleyale. Nilikuwa naweka kando yake mshono wa cherehani ukifumuka, nikauondoa. Ukishaanza kumponda mwenzio, watu wanasikia ugomvi hata kama unasema kweli. (Isitoshe, mshono wa cherehani uliofungwa vizuri hudumu miaka.)

Kukata ngozi kukwepa makovu, kusugua kingo kwa msasa, kufungasha, vyote hivyo vinakula muda, lakini siviingizi. Nilipovirundika pamoja, video iligeuka orodha ya malalamiko.

Kipimo changu ni kuandika maneno yote ninayoyasema kisha kutafuta “lakini”, “watu hudhani” na “kwa kweli”. Nikivikuta, bado najitetea, narekodi upya. Bei inakuja mwisho, mara moja, kwa maandishi, pochi ikiwa imefunguliwa juu ya meza. Hapo nimeshanyamaza.