Gramu 100 za dagaa na gramu 100 za mnofu: mnalinganisha samaki au mnalinganisha maji?

Juzi nimeambiwa tena. Safari hii ni dada mmoja pale Kibirizi, Kigoma, alikuwa anajaza dagaa kwenye viroba, akanitazama kama mtu anayemfundisha mtoto akasema, "Kaka, gramu 100 za dagaa zina protini mara tatu ya mnofu wa mgebuka, na ni kwa sababu ya mifupa, mifupa ndo yenye nguvu." Mi kazi yangu ni kupima samaki maabara, hii sentensi nimeisikia kliniki, nimeisikia kwenye semina, nimeisikia mpaka kwenye daladala ya Ujiji, na kinachonichosha ni kwamba nusu yake ya kwanza ni kweli. Hiyo mara tatu ipo. Sababu ndo uongo.

Twende taratibu. Mnofu mbichi wa mgebuka karibu 80 katika kila gramu 100 ni maji, protini ni kama 19, vilivyobaki ni mafuta kidogo na chumvichumvi. Dagaa kavu wa Kigoma, wale waliokauka kweli mpaka ukimkunja anavunjika, maji yake ni kama 10, protini kama 59. Gawanya 59 kwa 19 unapata mara tatu, haya, hongera. Lakini ili upate hizo gramu 100 za dagaa kavu jua limekula maji ya dagaa wabichi kama gramu 360 hivi, yaani umeweka kwenye mizani samaki wengi waliokamuliwa maji halafu upande wa pili ukaweka samaki mmoja na ndoo yake. Kwa akili hiyo hata maharage makavu yanamshinda mnofu, na yana mifupa gani?

Sasa tufanye haki. Chukua mnofu uleule, uanike mpaka nao ubaki na maji 10 kama dagaa. Utahitaji kama gramu 450 za mnofu mbichi kupata gramu 100 kavu, na protini yake itakuwa karibu 85. Themanini na tano kwa hamsini na tisa jamani! Uzito uleule, ukavu uleule, mnofu umeshinda, tena kwa mbali. Na dagaa ameshindwa kwa nini? Ni hiyohiyo mifupa mnayoisifia. Dagaa ukimchoma tanuruni mpaka vyote viungue unabaki na majivu kama 10 hadi 15 katika kila gramu 100, na hayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu na fosforasi ya mifupa, madini ambayo yamekaa kwenye nafasi ambayo ingekaliwa na nyama. Ongeza mafuta ya tumboni na ya mwilini, hapo ndo 85 inashuka mpaka 59.

Hapa huwa anatokea wa upande wa pili, mara nyingi kijana aliyesoma kidogo, anasema basi mfupa hauna protini kabisa, ni chokaa tu. Naye akae chini. Mfupa mkavu karibu theluthi yake ni protini, ndiyo inayoufanya usivunjike kama chaki. Ila protini hiyo ni kolajeni, na hii ndo kitu inaniudhi watu wanavyoiruka. Protini imejengwa kwa vipande vidogovidogo, na kuna vingine mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uvile. Kolajeni kimoja kati ya hivyo, triptofani, haina hata chembe, na vingine inavyo kidogo. Nyama ya samaki inavyo vyote. Kwa hiyo gramu 1 ya protini iliyotoka mfupani na kwenye ngozi haijengi mwili wa mtoto sawa na gramu 1 iliyotoka kwenye nyama, japo kwenye karatasi zote zimeandikwa "protini" mstari mmoja.

Na karatasi yenyewe, acha niitubie, maana naiandika mimi. Maabara hatuhesabu protini. Tunapima naitrojeni, kwa njia ya Kjeldahl ambayo ipo tangu 1883, halafu tunazidisha kwa 6.25 kwa kuamini kwamba protini ina naitrojeni asilimia 16. Kolajeni ina naitrojeni zaidi ya hapo, yenyewe kwa haki ungeizidisha kwa 5.55, kwa hiyo kila palipo na mifupa na ngozi nyingi jibu letu linavimba kidogo. Mbaya zaidi, samaki akianza kuoza hutoa amonia na ndugu zake, nazo zina naitrojeni, na mashine haina pua. Nimewahi kuletewa sampuli iliyonifanya nifungue madirisha yote, protini yake ikatoka nzuri tu! Kwa hiyo ile 59 niliyowapa ni namba ya heshima, lakini msiishike kama Msahafu. Na mtoto wa miaka miwili akitafuna mfupa wa dagaa anaipata kolajeni kiasi gani, na anameza kipande kizima kiasi gani, namba ile haisemi.

Mchanga naupitia haraka. Dagaa walioanikwa chini wanabeba mchanga na mchanga una uzito. Sisi tunayaosha majivu kwa asidi, ya mifupa yanayeyuka, mchanga unabaki. Nyumbani loweka kwenye beseni jeupe utauona umetua. Na dagaa anayekunjika bila kuvunjika ana maji mengi bado, akiwa na maji 25 badala ya 10 basi ile 59 imeshuka mpaka kama 49, umelipia maji, na wiki mbili mbele ataota ukungu.

Yule dada hakukasirika, aliniuliza swali zuri kuliko ya wengi: "Sasa mwanangu nimpe kipi?" Nikamwambia angalia sahani, mizani achana nayo. Mtu mzima akila ugali wa muhogo na mnofu, anaweza kumaliza gramu 100 za mnofu, hiyo ni protini 19. Dagaa wa mawese anaokula mtu mmoja ukiwapima wakiwa wakavu ni kama gramu 20, protini 12 hivi. Mara tatu yote imepotelea mezani kwa sababu hakuna anayekula gramu 100 za dagaa kavu kwa mkao mmoja. Lakini kwenye kalsiamu hapo dagaa hana mpinzani, gramu 20 tu zinaweza kumpa miligramu 400 au zaidi, wakati ule mnofu wote hautoi hata 50.

Kwa mtoto, saga. Gramu 10 za unga wa dagaa, kijiko kikubwa kilichojaa, kwenye kikombe cha uji ni protini kama 6, mfupa umeshasagwa na hakuna cha kumkwama kooni. Akauliza kama achambue vichwa kwanza. Ukitoa vichwa unga unaobaki protini yake kwa uzito inapanda kidogo, kwa sababu umepunguza mifupa, na kalsiamu inashuka. Akanitazama, akacheka. "Kwa hiyo mifupa inapunguza protini?" Ndiyo dada. Akaita mwenzake aje asikie.