Jani moja la mkrismasi, miguu ya kiwavi na udongo wa jikoni: tunayokosea kwenye msako wa shuleni

Kazi yenyewe ni ya vipindi viwili vilivyounganishwa. Darasa la Nne, makundi saba ya wanafunzi sita, kila kundi na kipande chake cha uwanja kilichozungushiwa kamba, hatua kumi kwa kumi. Dakika 25 za kusaka, kisha kila kundi linamwaga mavuno yake juu ya gunia chini ya muembe na kuyapanga mafungu: majani, wadudu, udongo. Makosa huonekana hapo kwenye gunia, na mengi yake tunayo hata sisi walimu. Dhana potofu zenyewe ni hizi.

Dhana: Mshindi ni kundi lililoleta vitu vingi.

Ukihesabu vitu, utapata watoto wanaokwanyua matawi. Mimi naagiza majani sita tu kwa kila kundi. Wayagawe mafungu mawili, halafu wamweleze mwenzao wa kundi lingine kigezo walichotumia bila kutaja jina la mti. Huyo mwenzao akipewa jani la saba na kuliweka kwenye fungu linalostahili, kigezo kinafanya kazi. Akikwama, wagawe upya. Mara ya kwanza hukwama karibu wote, kwa sababu huandika "majani mazuri" na "majani mabaya", au "makubwa" na "madogo" bila kusema makubwa kuliko nini.

Dhana: Majani yenye rangi tofauti ni ya aina tofauti, na kila kijisehemu chenye umbo la jani ni jani zima.

Kundi moja liliweka majani mekundu-kahawia upande mmoja na ya kijani kibichi upande wa pili, likasema ni miti miwili. Yote yalitoka kwenye muembe tuliokuwa tumekaa chini yake. Jani changa la muembe hutoka likiwa na wekundu, likalegea, kisha hugeuka kijani na kukakamaa. Mwanafunzi akiangalia ukingo, umbo na mishipa badala ya rangi, anaona ni lilelile.

Kosa la pili ni gumu zaidi. Mtoto anaokota kipande kidogo cha mwarobaini chenye meno ukingoni, anasema hili ni jani. Siyo. Ni sehemu ya jani. Jani la mwarobaini ni ule uti mzima wenye vijani pande mbili, na la mkrismasi ndilo linaloshangaza: lile unyoya lote lenye mamia ya vijani vidogo kama punje ni jani moja. Utajuaje? Fuata kikonyo mpaka kinaposhikana na tawi, utazame kwapani. Pale penye jani kamili kuna chipukizi dogo. Kwenye shina la kijani kidogo chipukizi hakuna. Kwa hiyo swali hili halijibiwi kwa majani ya kuokota, maana vijani vya mwarobaini huanguka kimoja kimoja. Lazima kundi lirudi mtini kutazama. Ukishawaonyesha, wapeleke kwenye mihogo ya shamba la shule. Jani la muhogo limechanika kama vidole, watoto husema lina majani matano au saba, lakini vidole hivyo vimeungana chini kwenye kikonyo. Ni jani moja ambalo halikugawanyika mpaka mwisho.

Dhana: Kinachotambaa na ni kidogo, ni mdudu.

Hapa lugha yetu wenyewe inatuponza. Nyumbani mdudu ni buibui, jongoo, kupe, konokono, hata ugonjwa husemwa "ana wadudu". Kwenye kipindi cha sayansi neno limebanwa: mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, papasi mbili za kupapasia kichwani na miguu sita inayotoka kifuani. Nawaambia watoto waziwazi kwamba neno ni moja lakini lina maana mbili, wala bibi hakukosea alipoita buibui mdudu. Usipolisema hili, wanaandika jibu la mwalimu na kubaki na imani yao.

Buibui ana miguu minane na sehemu mbili za mwili, hana papasi. Jongoo ana miguu mingi, jozi mbili karibu kila pingili. Hao hawana shida. Shida huanza na kiwavi. Mtoto anahesabu miguu 16, anamtoa kwenye fungu la wadudu, na mwalimu asiyejiandaa anakubali. Mpe kioo cha kukuzia. Nyuma tu ya kichwa kuna jozi tatu za miguu migumu yenye ncha. Hiyo ndiyo miguu yenyewe. Inayofuata nyuma ni vishikio laini vya nyama, ambavyo hupotea kiwavi anapogeuka kipepeo. Kwa upande mwingine, vipepeo wengi wanaotua uwanjani huonekana wana miguu minne, kwa kuwa jozi ya mbele imefupika na kukunjwa kifuani. Na kupe mchanga kabisa ana miguu sita, ila si mdudu. Akikua huwa na minane. Kuhesabu miguu peke yake hakutoshi, basi. Tazama na papasi na mgawanyiko wa mwili.

Mchwa nao huwekwa fungu moja na siafu. Siafu ana kiuno chembamba na papasi zilizopinda kama kiwiko; mchwa hana kiuno, papasi zake zimenyooka kama ushanga uliotungwa. Ndugu wa karibu wa mchwa ni mende. Hili watoto hulikataa kwa kelele.

Viwavi vyenye manyoya tunavitazama bila kuvigusa, na kila kiumbe hurudishwa kilipotoka.

Dhana: Udongo mweusi ni tifutifu, mwekundu ni mfinyanzi.

Rangi haisemi ukubwa wa chembe. Wekundu ni kutu ya chuma. Weusi unaweza kuwa mboji, unaweza pia kuwa udongo wa mbugani ambao ni mfinyanzi mtupu, unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika.

Kipimo ni mkono. Chukua udongo wa kujaa kiganja, ongeza maji kidogo kidogo mpaka ushikane, uviringishe uwe mnene kama kalamu, kisha uupinde kuwa pete. Kichanga hakiviringiki. Tifutifu huviringika lakini hupasuka ukiupinda. Mfinyanzi hutoa pete safi. Maji yakizidi, kipimo hudanganya, na hilo ndilo kosa la kawaida.

Mwaka huu kundi la karibu na jiko la shule lilileta udongo mweusi tii, likaandika "tifutifu". Pete haikupatikana, lakini hilo peke yake halikutosha kujua kama ni tifutifu au kichanga. Tukaujaza theluthi ya chupa ya maji, tukaongeza maji, tukatikisa na kuiacha dirishani. Mchanga ulitua ndani ya dakika moja hivi, tope laini likafuata baada ya saa kadhaa, na maji yalikuwa bado na ukungu wa mfinyanzi kesho yake. Kati ya sentimita 10 zilizotua, 7 zilikuwa mchanga. Weusi wenyewe ulikuwa unaelea juu: vumbi la mkaa.

Kundi la jirani, hatua thelathini tu kutoka hapo, lilitoa pete safi. Wakabishana hadi kengele ya chakula ikalia. Kumbe walichimba pembeni mwa kichuguu, na mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini ili kujengea. Sasa karatasi ya msako ina mstari mpya: andika ulipochukua udongo, na kilichokuwa karibu.