Sapu ya 78 bado ni C

Kila matokeo ya sapu yakitoka, mlango wa ofisi yangu unagongwa kwa swali lilelile: "Madam, nimepata 78, mbona wameniandikia C?" Wiki iliyopita binti mmoja alinionyesha slipu yake, ameizungushia kalamu nyekundu ile C, akiamini kuna aliyekosea kuingiza alama.

Hakuna aliyekosea. Sapu ni nafasi ya kufaulu somo ulilofeli, si nafasi ya kutafuta gredi upya. Katika vyuo vikuu vyetu vingi Tanzania, ukifaulu sapu, hata uandike vizuri namna gani, gredi unayowekewa ni C, yaani pointi 2. Aliyefaulu mara ya kwanza kwa B hakupewa mwezi mzima wa kusoma somo moja tu, na wewe ulipewa.

Tulikaa tukapiga hesabu. Kwenye mizani ya pointi 5, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3. Alikuwa na B+ yenye krediti 12, B ya krediti 12, B+ ya krediti 10 na B ya krediti 8. Unazidisha pointi kwa krediti: 48, 36, 40 na 24, jumla 148. Somo la sapu lina krediti 8, kwa hiyo C inaleta 16. Jumla ni 164, gawanya kwa krediti 50, unapata 3.28. Ingekuwa A, angefika 3.76. Hapo ndipo alipoelewa uzito wa jambo: daraja la pili la juu linaanzia 3.5, hivyo kwa semesta hiyo yuko la pili la chini.

"Basi nimeshapoteza la pili la juu?" Hapana, na hii nayo naisikia mno. Daraja la shahada halitoki kwenye slipu moja, wala kwenye mwaka wa mwisho peke yake. Pointi za masomo yote ya miaka yote zinajumlishwa, zinagawanywa kwa krediti zote. Ndiyo maana nawaambia watazame krediti kabla ya herufi: kupanda kutoka B hadi B+ kwenye somo la krediti 12 kunakubeba kuliko kwenye somo la krediti 8. Ni nyongeza ya pointi 12 dhidi ya 8.

Kuna wanaochanganya sapu na mtihani maalumu. Huo ni wa aliyeugua au kufiwa, akaomba ruhusa na kukubaliwa; kwake ni mtihani wa mara ya kwanza, na A yake inabaki A. Ukiumwa asubuhi ya mtihani, nenda hospitali na uandike barua siku hiyohiyo. Ukijikaza ukaingia, ukafeli, karatasi ya daktari utakayoileta baadaye haigeuzi sapu kuwa mtihani maalumu.