Skrini nzima ya kipekee: kwa nini pazia la kunasa picha halitokei ndani ya gemu

Ukibonyeza Win + Shift + S kwenye Windows, skrini nzima hufifia kidogo, kipanya hugeuka alama ya msalaba, nawe unavuta mraba kuzunguka sehemu unayoitaka. Kule kufifia ni pazia, yaani dirisha jingine jembamba lililotandazwa juu ya kila kitu. Ukilielewa pazia hilo kuwa ni dirisha tu, nusu ya tatizo imeshajieleza.

Kwa kawaida programu haichori moja kwa moja kwenye monita. Kila moja huchora dirisha lake pembeni, kisha mpangaji wa Windows, aitwaye Desktop Window Manager, huyakusanya madirisha yote, huyapanga lipi liko juu ya lipi, na kutoa picha moja. Pazia la kunasa hupita humo humo. Gemu likiingia kwenye skrini nzima ya kipekee humkwepa mpangaji huyo: fremu zake zinatoka kwenye kadi ya michoro na kwenda moja kwa moja kwenye monita. Pazia linaweza kuwa limefunguka kweli, ila hakuna wa kulipandisha juu ya gemu.

Dalili zake zinachanganya sana usipojua kinachoendelea. Umebonyeza vitufe, huoni kitu, lakini mhusika wako hageuki tena kwa sababu kipanya kimeshikwa na pazia usiloliona. Bonyeza Esc na mara nyingi kipanya kitarudi. Au gemu linajikunja lenyewe na unajikuta unapiga picha ya eneo-kazi. Au picha inapatikana, lakini ukiifungua ni nyeusi tupu.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha kwanza kama gemu lako kweli limeishika skrini peke yake. Ukiwa ndani ya gemu, bonyeza kitufe cha sauti kwenye kibodi. Kile kiashiria cha sauti cha Windows kikitokea juu ya gemu, mpangaji bado yuko kazini. Kisipotokea, na ukibonyeza Alt + Tab skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi kabla ya eneo-kazi kuonekana, hiyo ndiyo skrini nzima ya kipekee. Usitegemee neno lililoandikwa kwenye menyu pekee, kwa sababu tangu Windows 10 magemu mengi yaliyowekwa kwenye Fullscreen huendeshwa na mfumo kama dirisha lisilo na kingo.

Tiba ninayoianza mimi ni hiyo ya dirisha lisilo na kingo. Fungua mipangilio ya picha ndani ya gemu, tafuta Display Mode, badilisha Fullscreen kuwa Borderless au Windowed Fullscreen. Kwa macho hakuna kilichobadilika, gemu bado limejaza skrini, ila sasa ni dirisha kama mengine na pazia litatandazwa juu yake. Kama gemu ni la zamani na halina chaguo hilo, jaribu Alt + Enter. Mengi hutoka kwenye skrini nzima na kuwa dirisha la kawaida.

Njia ya pili ni kuachana na pazia kabisa. Win + Alt + PrtScn huiagiza Game Bar, zana ya Windows yenyewe ya kunasa magemu, inase gemu bila kufungua chochote juu yake, na picha utaikuta kwenye folda ya Videos\Captures, si kwenye Pictures ambako wengi huitafuta na kudhani haikupigwa. Kwa gemu la Steam, F12 ndiyo iliyowekwa tangu mwanzo, na hiyo huichukua fremu ndani ya gemu lenyewe, kabla haijafika kwenye monita. Sehemu usiyoihitaji utaikata baadaye.

Kuna mtego mmoja kwenye Windows 11. Kitufe cha PrtScn, ambacho zamani kilinakili skrini kimyakimya, siku hizi kinaweza kuwa kimepangwa kufungua lile lile pazia. Nenda Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, uzime chaguo la kufungua kinasa picha kwa Print screen.

Usichanganye haya na weusi unaowekwa makusudi. Programu za filamu na baadhi za mikutano huuagiza mfumo usiitoe picha yao kwa kinasa chochote. Utaitambua hali hiyo kwa kulipunguza dirisha ukubwa lisijaze skrini: eneo-kazi linaonekana vizuri kwenye picha, lakini pale ilipo programu pana mraba mweusi au hapana dirisha kabisa. Hapo kubadili Display Mode hakusaidii, maana mpangaji anaiona picha ila amekatazwa kuitoa.